Omena ya Aprili: ni mstari upi uliohama?

"Mwalimu, kitabu kinasema bei ikipanda mahitaji hupungua, na mahitaji yakipungua bei hushuka. Basi mbona omena ikipanda bei kila Aprili hapa Kisumu, hairudi chini wiki inayofuata?"

Neno "mahitaji" limebeba maana mbili katika swali moja, na hapo ndipo wanafunzi wengi wazuri hukwama. Mara ya kwanza ni kiasi ambacho wanunuzi wanachukua kwa bei ya siku hiyo. Mara ya pili ni mstari mzima wa mahitaji, yaani kiasi ambacho wangechukua kwa kila bei unayoweza kuitaja. Mama anayenunua gorogoro mbili zikiwa shilingi 150, kisha akanunua moja zikifika 170, mstari wake haujahama hata kidogo. Amesogea tu kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya mstari uleule. Mstari wenyewe huhama pale kitu kingine, kisicho bei ya omena, kinapobadilika: pesa mfukoni, bei ya nyama, idadi ya watu wa kulisha nyumbani.

Sasa Aprili kuna nini? Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Hamu ya mlaji haijaguswa. Kilichobadilika ni kwamba kwa bei ileile ya jana, wauzaji wanaweza kuleta kidogo zaidi. Kwenye grafu, mstari wa ugavi umehamia kushoto, yaani upande wa kiasi kidogo zaidi.

Tuchukue tarakimu za kutungwa, ndogo ili hesabu iwe nyepesi. P ni bei ya gorogoro moja kwa shilingi, Q ni idadi ya gorogoro kwa siku katika soko dogo:

```
Mahitaji:          Q = 600 - 2P
Ugavi wa Machi:    Q = 3P - 150
Ugavi wa Aprili:   Q = 3P - 250
```

Mwezi wa Machi mistari inakutana kwenye shilingi 150 na gorogoro 300. Ziwa likifungwa, ugavi unapungua gorogoro 100 kwa kila bei. Ukibaki kwenye 150, wanunuzi bado wanataka 300 lakini zipo 200 tu. Saa nne asubuhi meza imebaki tupu na wateja wanaulizia. Kesho yake muuzaji anaongeza bei, na hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Wanunuzi wengine wanapunguza au wanahamia mboga. Upande wa pili, mwenye magunia aliyoyaweka stoo anayatoa, na anayeleta omena kutoka Uganda au Tanzania anaona nauli inalipa. Bei inasimama kwenye 170, kwa gorogoro 260.

Kwa hiyo wanunuzi kupunguza ndiko kunakoisimamisha bei kwenye 170 badala ya kuendelea kupaa. Kungekuwa na nguvu ya kuirudisha 150 kama kwa 170 omena ingekuwa inabaki bila kuuzwa, na haibaki. Angalia pia kwamba ugavi umehama kwa 100, lakini kiasi kinachouzwa kimepungua 40 pekee. Ile 60 nyingine imerudishwa na bei yenyewe, kwa sababu wauzaji nao wamepanda juu ya mstari wao mpya. Mwanafunzi akichora mshale wa 100 kisha akaandika kwamba mauzo yamepungua 100, amesahau upande huo.

Sokoni Kibuye, hata hivyo, utasikia maelezo mengine ya bei hiyohiyo. Wapo wanaosema ni ziwa. Wapo wanaosema ni viwanda vya chakula cha kuku, ambavyo pia hutumia omena, kwamba vimeongeza ununuzi. Kila upande una hoja, na bei peke yake haiwezi kuamua kati yao: ugavi ukienda kushoto bei hupanda, na mahitaji yakienda kulia bei hupanda vilevile. Kinachowatenganisha ni kiasi. Ugavi ukipungua, kinachouzwa hupungua. Mahitaji yakiongezeka, kinachouzwa huongezeka, maana bei nzuri imewavuta wavuvi na wenye stoo. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu wasiniletee bei bila magunia.

Lakini magunia ya wapi? Hapa mimi mwenyewe nilikosea kwa miaka. Nilikuwa nahesabu yanayoshuka Kibuye, na yakipungua nasema: tazama, ni ugavi. Tuseme mnunuzi wa kiwanda amepeleka lori lake moja kwa moja ufuoni, Usenge au Mbita, na kununua kabla ya akina mama wa soko. Kwa soko zima la omena, hayo ni mahitaji kwenda kulia: bei juu, kiasi juu. Kwa soko la Kibuye peke yake, tukio hilohilo ni ugavi kwenda kushoto, kwa kuwa kwa bei ileile omena inayofika mjini ni kidogo zaidi. Grafu zote mbili ni sahihi. Ni masoko mawili tofauti, na kosa ni kuchora moja kisha kuisoma kana kwamba ni nyingine. Anayetaka kujua kama chanzo ni ziwa au kiwanda ahesabu pale mitumbwi inapoegesha.

Hata huko ufuoni achague siku zake vizuri. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawavutiwi sana na taa, kwa hiyo mavuno hushuka. Huo nao ni ugavi kuhamia kushoto, wa siku chache tu. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mwezi mpevu, utadhani umegundua jambo kubwa.

Je, bei kupanda kunamfaa muuzaji? Wateja humwona akiuza ghali na kudhani anavuna. Katika mfano wetu soko lilikuwa likiingiza shilingi 45,000 kwa siku, sasa linaingiza 44,200. Lakini chukua wanunuzi wasio na pa kukimbilia, ambao mahitaji yao ni `Q = 450 - P`. Machi ni ileile, shilingi 150 na gorogoro 300. Ugavi uleule ukihama kwa 100 uleule, bei inafika 175, kiasi 275, na soko linaingiza 48,125. Mhamo ni mmoja, matokeo ni mawili, na tofauti yote iko kwenye mwinamo wa mstari ambao haukuhama. Nami naona mtaani ukweli unaegemea mfano wa kwanza zaidi, kwa sababu karibu na meza ya omena huwa kuna sukuma, maharagwe na mayai. Hata hapo, hayo ni mapato ya soko zima. Mama ambaye mtumbwi uliokuwa ukimletea omena umefungwa ufuoni hana sehemu hata katika zile 48,125 za mfano wa pili.

Na ziwa likifungwa mwezi uleule kiwanda kikaongeza ununuzi, bei itapanda kwa hakika, maana mihamo yote miwili inaisukuma juu. Kiasi huwezi kukitabiri kwa kuangalia mishale: mmoja unakivuta chini, mwingine juu, na mkubwa ndiye hushinda. Hapo inabidi uende ufuoni alfajiri ukahesabu.