Pointi 17 za Tanga kwenye meza ya meneja Malindi

Kuna wahamiaji wanaokosa kazi Malindi kwa sababu ya nambari ambayo nyumbani kwao ni ya kujivunia. Matokeo ya kidato cha nne Tanzania huhesabiwa kwa masomo saba: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, hadi F ambayo ni 5. Pointi zikipungua, matokeo yanapanda, na mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza. Kenya hesabu inakwenda kinyume. A ni 12, E ni 1, na masomo saba yakijumlishwa kilele ni 84. Meneja aliyesoma Kilifi akikutana na "pointi 17" akazigawanya kwa saba, anapata D-.

Tuchukue kijana wa Tanga mwenye B nne na C tatu, jumla pointi 17. Baadaye akasoma digrii ya uhasibu, akafanya kazi katika hoteli ya kwao, na sasa anaomba uhasibu msaidizi katika hoteli ya Malindi. Je, ageuze matokeo yake yawe ya Kikenya au ayaache yalivyo?

Wanaosema ageuze wana hoja nzito. Meneja ana rundo la maombi na hana muda wa kujifunza mfumo wa jirani. Na si pointi pekee zinazopotosha. Digrii ya Tanzania inayotolewa chini ya NTA, mfumo wa viwango vya elimu ya ufundi, huandikwa kiwango cha 8, ilhali katika mfumo wa Kenya digrii ni kiwango cha 7, na cha 8 ni stashahada ya uzamili. Hapo kijana anaonekana ana zaidi ya alicho nacho. Kisha digrii yenyewe ni ya miaka mitatu, na Mkenya wa 8-4-4 aliyezoea minne huiona pungufu.

Hata hivyo mimi nasimama na wanaokataa. Akiandika "sawa na B-", ameandika kitu kisichokuwa kwenye cheti chochote. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kugundua vyeti bandia zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali, na tangu hapo waajiri wengi wanasoma makaratasi kwa jicho kali. Isitoshe, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bado anahitaji kibali cha kazi Kenya, na nakala za vyeti huambatishwa kwenye ombi. Wasifu ukisema B- na cheti kikisema daraja la kwanza, mwajiri ndiye atakayeulizwa. Tusimlaumu akiogopa.

Njia iliyo salama ni kuandika kilichomo kwenye cheti na kukiwekea ufafanuzi kando: "Daraja la kwanza, pointi 17, Tanzania pointi chache ndizo bora, daraja hili linaishia 17." Digrii aiandike kwa jina lake, kisha aonyeshe miaka: msingi 7, kidato cha kwanza hadi cha nne 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Jumla ni 16, sawasawa na 8 na 4 na 4. Meneja atahesabu mwenyewe, na anachokihesabu mwenyewe anakiamini. Ulinganisho rasmi ni kazi ya KNQA, mamlaka ya Kenya ya sifa za elimu, na kwa mitihani ya sekondari ni ya KNEC, baraza la mitihani. Kwa hoteli ndogo sioni haja ya kuanza huko. Kwa kazi ya serikali au kampuni kubwa, aombe mapema.

Kazi ya nyuma inataka uangalifu wa namna nyingine. Akiandika "nilisimamia mauzo ya milioni 40 kwa mwezi" bila kutaja sarafu, Malindi itasomeka kama hoteli kubwa mno, kwa kuwa shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za Tanzania. Ni takriban milioni mbili. Ataje sarafu, idadi ya vyumba, na vitabu alivyoviandika kwa mkono wake: benki, stoo, mishahara. Sheria za kazi za nchi zote mbili zinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi mtu anapoondoka, kwa hiyo meneja wa Kenya ataijua karatasi hiyo akiiona. Barua ya sifa haina uzito huo.

Kinachobaki ni kodi, na hapa meneja ana haki ya kusita. Kijana amezoea VAT ya asilimia 18 na mashine za risiti za TRA; Malindi ni asilimia 16, na ankara hupita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Asilifunike jambo hili. Aseme kwamba anajua kusuluhisha hesabu za benki na kufunga mwezi, lakini eTIMS hajaitumia, kisha aombe apewe ankara za wiki moja zilizokwisha kufungwa azipitie mbele ya mhasibu aliyepo. Akiweza kuonyesha ankara ambayo kodi yake haikukokotolewa sawa, meneja atakuwa ameona kazi yenyewe.