Wingu mseto kwa benki ndogo: kisu kipite wapi

Benki ndogo ikianza kuzungumzia wingu, kikao huishia kwenye mabishano ya majina. Watu wa fedha wanataka wingu la umma kwa kuwa hakuna mashine ya kununua. Watu wa sheria wanataka wingu binafsi kwa kuwa wanaweza kwenda kuishika seva kwa mkono. Kisha mmoja anasema "mseto", wote wanaitikia, kikao kinafungwa. Hapo hakuna kilichoamuliwa, maana mseto ni jina la mgawanyo wowote ule wa kazi kati ya mawingu hayo mawili, mzuri na mbovu.

Niseme mapema kwamba wingu binafsi peke yake silipendekezi kwa benki ndogo. Mashine si tatizo kubwa, ingawa nazo zina hesabu yake: hifadhi inayotunza kila kipande cha data mara tatu inataka seva tatu kwa uchache, na seva tatu zenye terabaiti 10 kila moja zinakupa terabaiti 10 za kutumia, wala si 30. Kinachoshinda ni watu. Wiki ina saa 168, na mfanyakazi mmoja hufanya kama 40. Kiti kimoja tu cha zamu kisichobaki wazi mchana na usiku kinahitaji watu watano ukihesabu likizo na ugonjwa. Timu ya watu wanane haiwezi kulinda wingu zima na bado ikapata muda wa kutengeneza chochote.

Wingu la umma lina watu hao tayari. Linakwama kwingine. Kanuni kali za data kwa kawaida hudai mambo mawili: data isitoke nje ya mipaka fulani, na mtoa huduma asiweze kuisoma. La kwanza unalitimiza kwa kuchagua kituo kilicho ndani ya mipaka, kama kipo. La pili ni gumu zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inaruhusu kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo kuamriwa kutoa data iliyo mikononi mwake hata kama diski ziko nchi nyingine. Kwa hiyo swali la mkaguzi makini haliishii kwenye diski iko wapi. Atauliza ufunguo wa kufungulia data iliyosimbwa anao nani.

Majibu yako matatu. Mtoa huduma anatengeneza ufunguo na kuutunza. Au benki inautengeneza na kumpelekea autunze. Au ufunguo unabaki kwenye kifaa maalumu ndani ya benki, na wingu linakuja kuomba kila linapotaka kufungua kitu. Wengi huchukua jibu la pili wakidhani wamepata la tatu. Ufunguo ukishaingia kwake, uko kwake, hata kama ulizaliwa kwako. Jibu la tatu ndilo lenye nguvu, ila lina gharama mbili. Kiungo kati ya benki na wingu kikikatika, data haifunguki. Kifaa kikiungua na hakina pacha, data imekufa kabisa, kwa hiyo viwe viwili katika majengo mawili, na ufunguo wa akiba ugawanywe kwa watu watano ili watatu wakikutana waweze kuurudisha. Hata hivyo, usimbaji huu unalinda data iliyolala. Seva ya wingu ikishaifungua ili ipige hesabu, imo wazi kwenye memori yake. Ndiyo maana leja ya wateja, kwa maoni yangu, ibaki upande wa binafsi, na wingu la umma lichukue apu, tovuti, majaribio na ripoti.

Sasa kisu kipite wapi? Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni kukikatisha kati ya programu na hifadhidata yake. Kwenye mchoro kunapendeza: programu juu winguni, data chini benki. Chukua skrini ya kwanza ya apu: jina, salio, miamala kumi ya mwisho, mkopo, arifa. Nyuma yake programu inaweza kuwa inauliza hifadhidata maswali 38, moja baada ya jingine. Seva zikiwa chumba kimoja, swali huchukua nusu milisekunde na skrini nzima inajibiwa kwa milisekunde 19. Weka kilomita elfu moja katikati. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 10 kabla ya vifaa vya njiani kuongeza zao. Tuseme jumla ni 24. Maswali 38 mara 24 ni milisekunde 912, na mteja hajaona kitu bado. Kununua kiungo kipana zaidi hakutasaidia, maana bomba halijajaa. Safari ndizo nyingi.

Dawa ni kuweka kando ya leja huduma ndogo inayopokea ombi moja, inauliza yale maswali 38 hapohapo, kisha inarudisha jibu moja. Milisekunde 24 za njia na 19 za hifadhidata, jumla 43. Kanuni ninayoishika ni hii: skrini moja, safari moja. Mahali ambapo haiwezekani, kisu kimepita pabaya.

Jambo la pili linaloharibu mseto ni data kuvuja kwa mlango wa nyuma. Leja imebaki nyumbani, lakini logi za apu zinaandika namba ya akaunti, na logi ziko wingu la umma. Au mtengenezaji programu anaomba "data halisi kidogo" ya kujaribia. Wengine hujitetea kwamba namba za simu wamezigeuza kwa heshi, hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Namba ya tarakimu tisa ina uwezekano bilioni moja tu. Kompyuta ya kawaida hupitia heshi zote hizo kwa muda mfupi na kukurudishia simu za wateja. Kilicho salama ni tokeni ya kubahatisha, na jedwali linalounganisha tokeni na mteja lisiondoke benki kamwe. Kujua kama unavuja, panda mteja wa uongo kwenye leja mwenye jina lisilopatikana popote, tumia akaunti yake siku kadhaa, kisha tafuta jina na namba zake kwenye logi, nakala rudufu na ripoti zote zilizoko wingu la umma. Ukimkuta, njia aliyopita ndiyo ya kuziba.

Kilichobaki ni kiungo chenyewe. Wingu linalopatikana asilimia 99.9 ya muda na kiungo cha asilimia 99.9 vikitegemeana vinakupa 99.8, yaani kama saa 17 na nusu za kukatika kwa mwaka badala ya karibu tisa. Viungo viwili husaidia ikiwa kweli vinapita mitaro tofauti. Wauzaji wawili hukodi nyuzi kwenye mtaro mmoja mara nyingi tu, basi omba ramani ya njia kabla ya kusaini. Tena kila ombi la kutoa fedha liwe na namba yake ya pekee iliyotolewa na apu. Kiungo kikikatika baada ya leja kukata fedha lakini kabla ya jibu kufika, apu itatuma tena, na leja ikiiona namba ileile irudishe jibu la kwanza bila kukata mara ya pili. Lijaribu hili kwa makusudi: tuma malipo 100 kwenye mazingira ya majaribio, chomoa kiungo katikati, kirudishe, kisha hesabu leja. Ikionyesha makato 101, apu bado haijawa tayari kuwafikia wateja.