Skrini Kuzima Si Laptopu Kuzima

Mafundi wetu wa mjini Arusha, naomba mnisikilize. Mteja akija anataka kufunga mfuniko wa laptopu atumie skrini kubwa, kibodi na mausi ya pembeni, acheni kumwekea "Do nothing", yaani laptopu isilale mfuniko ukifungwa, kila mahali na kumuaga salama. Nimeona matokeo yake, na bado nina hasira.

Dada ninayefanya naye kazi hapa Kaloleni aliwekewa hivyo. Jioni umeme ukakatika. Skrini kubwa ikawa giza, akajua kila kitu kimezima. Akachomoa nyaya, akatia laptopu kwenye begi, akapanda daladala ya Tengeru. Kumbe laptopu ilihamia kwenye betri, ikaendelea kuchapa kazi huku imefunikwa. Alipoitoa nyumbani haishikiki kwa moto, feni inavuma, betri imekaribia kuisha. Ndani ya begi feni haina hewa ya kuvuta; inazungusha joto lile lile.

Kwenye Windows ingia Control Panel, kisha Power Options, kisha "Choose what closing the lid does". Kuna safu mbili. Safu ya "Plugged in" weka "Do nothing", ndipo utafanya kazi mfuniko ukiwa umefungwa. Safu ya "On battery" acha "Sleep", au "Hibernate" kama unasafiri mbali. Halafu bonyeza "Save changes".

Wengi huishia hapo, na hapatoshi! Laptopu nyingi hutekeleza agizo hilo pale tu mfuniko unaposhuka. Uliufunga asubuhi umeme ukiwepo, ikafuata "Do nothing". Umeme ukikatika jioni, mfuniko haujasogea, kwa hiyo inaendelea kuwaka. Dawa yake ni kuinua mfuniko, kuhifadhi kazi yako, kisha kuufunga upya. Safari hii umeufunga ikiwa kwenye betri, na "Sleep" itafuatwa. Usiitie kwenye begi kabla feni haijanyamaza na taa yake haijabadilika. Jamani, mwambieni mteja jambo hili kabla hajatoka dukani.

Kuhusu joto la mezani, wanaodai kwamba kufunga mfuniko kunaua laptopu wanatia chumvi. Ila nakiri zipo zinazotoa hewa ya moto kwenye bawaba, chini kidogo ya skrini, na nyingine huvuta hewa kupitia kibodi. Hizo ukizifunika unazibana pumzi. Kujua yako iko kundi gani, fanya kazi nzito ile ile mara mbili: mfuniko ukiwa wazi, halafu ukiwa umefungwa. Ikiwa ya pili feni inapiga kelele zaidi na kazi inakwenda polepole, achana na kuifunga. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Second screen only", uache mfuniko wazi. Skrini yake itazima, hewa itapita, na bado utafanya kazi kwenye skrini kubwa.