Sipandi asansere, kwa nini nilipe sawa na wa juu?

"Niko lokatere ku etaje ya kwanza hapa Lubumbashi, napandaka ngazi tu. Fakture ya sharje ya miezi tatu imefika: asansere dola 165, sawa na wale wa etaje ya nne. Hii ni haki?"

Nusu ni haki nusu hapana, na ile nusu ya kulalamikia si ile wewe unaangalia.

Tuseme jumba iko na apatema 10, mbili ku kila etaje, kuanzia chini mpaka ya nne. Jeransi imeandika asansere dola 1.650, ikagawanya kwa 10. Hesabu yenyewe haina kosa. Sasa omba wakufungulie hiyo 1.650 iko na nini ndani. Tuchukue kwamba kwa miezi yote tatu ni mkataba wa fundi 300, umeme 150, halafu kamba za chuma zimebadilishwa, 1.200.

Wanaotetea kugawanya sawa bako na hoja, tusiwadharau. Fundi wa mkataba analipwa hata kama asansere haijatembea wiki nzima, na sentineli anaipanda kwenda kuangalia tanki ya maji huko juu, na wewe mwenyewe siku mama anakuja kukutembelea na magoti yake yanauma utaipanda tu. Tena wale wa juu ukiwabebesha mzigo wote watachoka kulipa, mashine itasimama, na jumba yenye asansere iliyokufa hakuna mtu anaitaka.

Lakini upande wa pili pia una nguvu. Ulinzi wa mlangoni unatufaidia wote sawa, hapo gawanya sawa na hakuna maneno. Asansere faida yake inapanda pamoja na etaje. Sheria ya Ufaransa ya 10 Julai 1965 juu ya majumba ya wenye apatema wengi inasema hivyo: vyombo kama asansere vinagawanywa kufuatana na faida ambayo kila apatema inapata. Hiyo si sheria ya kwetu, lakini hesabu yake inaeleweka. Chini wapewe 0, ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4, na kwa kuwa kila etaje iko na apatema mbili jumla inakuwa 20. Ile 450 ya fundi na umeme ukiigawanya hivyo, wewe unalipa 22,50 badala ya 45, wa etaje ya nne analipa 90.

Umeona? Vita yote ya etaje inakuokolea dola 22 na nusu. Zile kamba peke yake zimekutoka dola 120! Na kamba za asansere haziishi kwa miezi tatu, zinalika polepole miaka na miaka, nyuzi moja moja zinakatika mpaka fundi anasema basi. Sasa lokatere aliyeingia mwaka jana alipe uchakavu wa watu waliohama zamani? Kwa mawazo yangu hiyo ni ya bayere, juu ya kamba mpya zinabaki ku jumba yake wewe ukishahama. Ila soma mkataba wako kwanza, kama uliweka sinyatire ku maneno "sharje zote bila kutoa" utakuwa na kazi ngumu. Na omba raporo ya fundi, inatakiwa ionyeshe kamba zilikuwa na hali gani, maana fakture ya duka peke yake haisemi kama zilihitaji kubadilishwa.

Kabla hujaweka karatasi chini angalia mstari wa maji, hapo watu wanalipa mara mbili bila kujua. Maji ya bomba yakikosekana jeransi inaleta kamio, inajaza tanki ya juu. Maji hayo hayapiti ku kontere kubwa ya mlangoni, lakini yanapita ku kontere yako ndogo. Kwa hiyo kama wanakulipisha kila metakibu ya kontere yako, halafu chini tena kuna mstari "kamio" uliogawanywa kwa 10, maji yale yale yamekulipisha mara mbili. Namna ya kujua: jumlisha kontere ndogo zote. Zikifika 262 na kontere kubwa inasema 210 tu, basi 52 au zaidi zilitoka ku kamio. Hesabu safi ni kujumlisha fakture ya REGIDESO na bei ya kamio, ugawanye kwa 262, halafu kila mmoja azidishe na metakibu zake. Ukifanya hivyo mstari wa kamio unapaswa kupotea, na kama umebaki, uliza jeransi ile pesa imeenda wapi, na uulize kwa barua.