Washa au maganda: tufe lililojificha ndani ya bangili

"Mwalimu, duara likizungushwa kwenye mhimili wa y likafanya bangili, ujazo wake mimi nautafuta kwa washa na namaliza kwa mistari minne. Kwa nini unataka tufanye na maganda, wakati jibu ni lile lile na kazi ni ndefu zaidi?"

Mistari minne ni kweli, wala sitaki kumnyang'anya mtu njia inayomfikisha. Tuweke vipimo: tyubu ya tairi iliyojaa upepo, imelazwa sakafuni. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya unene wake ni R = 30 sentimita, na unene wenyewe una nusukipenyo r = 8. Duara ni (x − R)² + y² = r².

Anayetumia washa anakata tyubu kwa ulalo, kipande juu ya kipande. Kila kipande ni washa kama ile ya fundi: duara kubwa lenye tundu katikati. Ukingo wa nje uko umbali wa R + √(r² − y²) kutoka mhimilini, wa ndani uko R − √(r² − y²). Ukitoa kipeo cha pili cha mmoja kwenye kipeo cha pili cha mwingine, vingi vinafutana, na eneo la washa linabaki 4πR√(r² − y²). Kinachofuata hata si intigrali ya kuhangaikia, maana √(r² − y²) kutoka −r hadi r ni nusu duara, eneo lake πr²/2. Jibu ni 2π²Rr². Kwa tyubu yetu ni karibu sentimita za ujazo 37,900, lita 37.9.

Njia hii ina kosa moja maarufu, na uzuri ni kwamba kosa lenyewe linajitangaza. Mwanafunzi anatoa kwanza, halafu ndipo anapandisha kipeo: (nje − ndani)² badala ya nje² − ndani². Anapata 16πr³/3, na R imetoweka kabisa. Tyubu ya baiskeli na ya trekta, zikilingana unene, zingekuwa na ujazo mmoja. Ukiona R haimo kwenye jibu, rudi pale ulipoandika kipeo.

Sasa maganda. Hapa kisu hakilali, kinasimama na kuzunguka mhimili, kama unavyokimenya kitunguu tabaka kwa tabaka. Ganda lililo umbali x kutoka mhimilini, ukilipasua na kulinyoosha, linakuwa kama karatasi ndefu: urefu wake ni mzingo 2πx, kimo chake ni 2√(r² − (x − R)²), unene wake ni dx. Unajumlisha kutoka x = R − r hadi x = R + r. Wengi hukwama hapa kwa sababu x iliyo nje haielewani na (x − R) iliyo ndani ya kipeuo. Dawa ni kupima kutoka katikati ya unene wa tyubu badala ya kutoka mhimilini. Weka u = x − R, na intigrali inakuwa

4π ∫ (R + u)√(r² − u²) du, kutoka −r hadi r.

Kipande chenye R kinatoa 4πR × πr²/2, yaani 2π²Rr², jibu letu. Kipande chenye u ni witiri: thamani zake upande wa hasi ni zile zile za upande wa chanya zikiwa zimegeuzwa ishara, basi jumla ni sifuri. Vitabu huandika "= 0" na kuendelea. (Ukisahau ile R na kuandika u peke yake, tyubu nzima itapata ujazo wa sifuri, nalo ni kosa linaloonekana bila miwani.)

Mimi ndipo ninapokataa kuendelea. Sifuri hiyo si kukosekana kwa kitu. Ni vitu viwili vikubwa vilivyokutana na kufutana, na ni maganda tu yanayokuruhusu kuvishika kimoja kimoja.

Chukua maganda mawili ya tyubu yetu, moja sentimita 5 nje ya katikati ya unene, jingine sentimita 5 ndani. Kimo chao ni kimoja, karibu sentimita 12.5. Yakinyooshwa, la nje lina urefu wa sentimita 219.9, la ndani 157.1. Jumla ni 377, sawasawa na maganda mawili yaliyo pale katikati kabisa, yenye sentimita 188.5 kila moja. Alichozidi wa nje ndicho alichopungukiwa wa ndani. Kila jozi inafanya hivyo, kwa hiyo tyubu nzima ina ujazo sawa na bomba lililonyooka lenye unene ule ule na urefu wa 2πR. Ndiyo kanuni ya Pappus wa Aleksandria ambayo wanafunzi huikariri: eneo mara njia iliyosafiriwa na katikati yake. Mwanahisabati Johannes Kepler mwaka 1615 aliufikia ujazo wa bangili hii kwa fidia ya namna hiyo hiyo, ingawa yeye aliikata kama keki, kwa visu vinavyopita mhimilini. Kila kipande chake kilikuwa kinene upande wa nje na chembamba upande wa ndani, akasema unene wa katikati unatosha kuwasemea wote.

Lakini fidia hiyo ni kiasi gani? Kata tyubu kwa mche duara unaosimama kwenye x = R, ipate nusu ya nje na nusu ya ndani. Kwenye kila nusu, kipande chenye R kinatoa π²Rr². Kipande chenye u, kwa nusu ya nje, ni jumla ya 2πu × 2√(r² − u²) kutoka 0 hadi r. Iangalie tena. Hiyo ni hesabu ya maganda ya tufe lenye nusukipenyo r, neno kwa neno: mzingo wa ganda mara kimo chake. Thamani yake ni 4πr³/3. Kwa hiyo nusu ya nje ni π²Rr² na tufe moja zima juu yake, na nusu ya ndani ni π²Rr² ikipungukiwa tufe hilo hilo. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia hesabu nzima kwa namba.

Kwenye tyubu yetu tufe hilo lina sentimita za ujazo 2,145. Nje kuna 21,094, ndani 16,805. Na tufe halijali R hata kidogo. Ukiifanya bangili iwe na mzunguko wa uwanja wa mpira, unene ukabaki sentimita 8, nusu ya nje itaizidi ya ndani kwa matufe mawili yale yale ya sentimita za ujazo 2,145, ingawa kwenye ujazo wote huo hutayahisi. Ukiibana mpaka tundu lizibe, R ikawa sawa na r, nusu ya nje inabeba asilimia 71 ya ujazo wote. Ile "= 0" ilikuwa imeficha yote haya.

Mtetezi wa washa atasema fidia imo hata kwake, na kweli imo. Nje² − ndani² ni (nje + ndani) mara (nje − ndani), na nje + ndani ni 2R kwenye kila kipande, juu mpaka chini. Ila kwake imeshamezwa ndani ya kila washa kabla ya intigrali kuanza. Ukimuuliza nusu ya nje ina kiasi gani, itabidi avunje kila washa kuwa mbili na kuanza upya.

Kuna swali ambalo washa zinashinda waziwazi, nami nikiulizwa hilo sigusi maganda. Tyubu imelazwa, ina maji ndani, kina chake kutoka chini ni sentimita 4. Ni lita ngapi? Maji hujipanga kwa ulalo, kama washa zenyewe. Unajumlisha kutoka y = −8 hadi −4: kipande cha duara chenye eneo la sentimita za mraba 39.3, mara ule mzingo wa katikati, 188.5, unapata karibu lita 7.4. Kwa maganda, kila ganda lingekatwa juu na usawa wa maji, mipaka ya x ingebadilika, na ungetokwa jasho bila faida.

Basi kigezo cha kuchagua ni namna swali linavyokata umbo, si wingi wa mistari. Likikata kwa ulalo, shika washa. Likikata kwa kuzunguka mhimili, mathalani ukiulizwa uzito wa bangili iliyotengenezwa kwa kitu kizito zaidi kadiri unavyokwenda nje, shika maganda, kwa sababu ganda zima lina x moja na hivyo uzito mmoja kwa kila sentimita ya ujazo.

Limebaki jambo ambalo mistari minne huliruka. 2π²Rr² ni kweli pale tu R isipopungua r. Jaribu R = 3 na r = 5. Duara sasa linavuka mhimili, tundu halipo tena. Washa kwenye y = 0 ina nje ya 8 na ndani ya 3 − 5, yaani −2. Pandisha kipeo cha pili: 4. Ishara ya hasi imekufa, na hesabu imetoboa tundu la nusukipenyo 2 kwenye umbo lisilo na tundu. Mistari minne inamalizika kwa amani na jibu la 1,480.4.

Maganda yakifanywa kwa upofu yanatoa jibu hilo hilo lenye kosa, lazima nikiri. Tofauti ni kwamba kosa linasimama mlangoni: mpaka wa chini wa x ni R − r = −2, na ganda lenye nusukipenyo hasi halipo duniani. Unaanzia 0 badala ya −2, yaani u kutoka −3 hadi 5. Safari hii kipande chenye u hakijifuti, kinabaki na 64/3. Chenye R kinatoa 101.04. Jumla mara 4π ni 1,537.7. Zile 57.3 zilizopungua kwa mwenye washa ni ujazo wa kile kipande cha duara kilichovuka mhimili, ambacho yeye alikitoa wakati kilikuwa tayari kimo ndani ya umbo.