Saa Janja Haitofautishi Kulala na Kujikunyata

Kipindi hiki cha baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, saa janja zinatusifia usingizi sisi watu wa Mbeya kuliko tunavyostahili. Wanaoamka wamechoka huku simu ikiwaonyesha alama za juu wanadhani wana ugonjwa. Mimi nadhani saa ndiyo iliyokosea, na kosa lake linaeleweka.

Hospitalini, usingizi hupimwa kwa waya ndogo zinazobandikwa kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni. Zinasoma umeme wa ubongo, mwendo wa macho na ulegevu wa misuli, kisha mtaalamu anaukagua usiku mzima kwa vipande vya sekunde 30, kila kipande akikipa hatua yake. Saa ya mkononi haiufikii ubongo. Ina sensa ya mwendo, na ina taa ya kijani inayomulika ngozi ili kuona damu inavyopita kwa kila pigo la moyo. Kutokana na mapigo hayo inakadiria na pumzi pia.

Basi inabahatisha, ila kwa kanuni. Mapigo yakishuka na kwenda kwa utulivu, pumzi ikiwa sawasawa, inaandika usingizi mzito. Mwili ukilegea kabisa huku mapigo na pumzi vikienda ovyo ovyo, inaandika REM, ile hatua yenye ndoto nyingi. Usingizi mwepesi kwa kiasi kikubwa ndio unaobebeshwa vilivyobaki. Na hapo ndipo kuna shimo: mtu aliye macho lakini ametulia kitandani anafanana sana na aliyelala usingizi mwepesi. Saa hizi hazipati shida kumtambua aliyelala. Zinamkosa aliye macho kimya.

Sasa ongeza baridi yetu. Nani atajigeuza Julai, upande wa pili wa kitanda ukiwa kama barafu? Ukizinduka usiku unajikunyata palepale penye joto na kuvuta blanketi hadi masikioni.

Jirani yangu mmoja hapa Forest, mwalimu, alinionyesha simu yake akilalamika, "Hii saa inanibishia." Ilimpa 84 kati ya 100, naye alikuwa hoi. Alipanda kitandani saa 4:00 usiku, akapitiwa na usingizi saa 4:30, akaamka saa 12:00 asubuhi. Katikati, saa 8:00 usiku, alizinduka akaenda chooni, akarudi, na hakusinzia tena mpaka saa 9:30. Alikuwa amelala chali akiwaza ada za watoto. Saa iliona ile nusu saa ya mwanzo alipokuwa akichezea simu, ikaona na dakika 12 za safari ya chooni. Dakika 78 zilizobaki ilizihesabu kuwa usingizi mwepesi, na kipande kidogo ikakiita REM.

Kwa hesabu ya saa, Mwalimu alilala saa 7 na dakika 18 kati ya saa 8 za kitandani, yaani asilimia 91. Toa zile dakika 78: zinabaki saa 6 kamili, asilimia 75. Madaktari wa usingizi kwa kawaida huhesabu 85 na kuendelea kuwa sawa. Mwili wake haukuwa unadeka.

Tulifungua mchoro wa mapigo ya moyo, si ule wa rangi za hatua. Kabla ya 02:00 (saa za simu, bila shaka) mapigo yalikuwa 54 hivi. Baada ya safari ya chooni yalikaa kwenye 61 au 62 kwa zaidi ya saa nzima, halafu yakashuka tena. Mapigo yakipanda kidogo namna hiyo na kung'ang'ania juu, huku rangi ikisema usingizi mwepesi, na wewe unakumbuka ulikuwa macho, amini kumbukumbu yako. Lakini glasi kadhaa za ulanzi jioni nazo hupandisha mapigo, kwa hiyo usiku wa namna hiyo mchoro huo hauna ushahidi.

Baridi ina hila nyingine. Mkono ukiachwa nje ya blanketi, mishipa ya ngozi inajibana na damu inayofika chini ya taa inapungua. Saa ikikosa mapigo safi inaegemea zaidi mwendo, na mwendo ndio huo haupo. Ivae juu kidogo ya kifundo, iwe imekaza bila kubana, na mkono uwe ndani.

Mwalimu aliuliza kuhusu siku nyingine, alipolala kweli usiku kucha na bado akaamka kama mlevi. Hiyo saa haikudanganya. Alarm ilimkatisha usingizi mzito, na ubongo uliotolewa humo ghafla huchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi, kuchangamka. Alama ya saa inahesabu usiku. Uzito wa dakika hizo za kwanza haumo kwenye hesabu yake. Ukitaka kujua kama ulipumzika, jipime saa 4 asubuhi, ukiwa kipindi cha pili ubaoni.