Mgongo Wangu Umepata Madaktari Wengi

Wageni wakishuka Kisumu husema, "Mko kando ya ziwa, hapa lazima upepo uwe mtamu." Mtamu kwa nani? Labda kwa mbuta. Mwezi wa pili, kabla ya mvua za masika, ziwa linatugawia unyevu tu. Watu wa Lodwar wana joto kutushinda, lakini hewa yao ni kavu, jasho likitoka linakauka na kumpoza mtu. La kwetu likitoka linakaa. Linatafuta pa kwenda, linakosa, mwishowe linaamua kuishi ndani ya ngozi ya mwendesha bodaboda asiye na hatia, yaani mimi.

Nina harara. Vipele vidogo vidogo vimeanzia shingoni chini ya kola, vimeshuka mgongoni hadi pale mkanda wa suruali unapobana, na vingine vimejenga chini ya utepe wa helmeti. Asubuhi na mapema vimelala, wala huvihisi. Jua likipanda, tone la kwanza la jasho likitaka kutoka, mgongo mzima unaanza kuwasha na kudunga kwa pamoja, na mikono yote miwili imeshika usukani. Juzi nimembeba mama mmoja kutoka Kibuye na kuku wake, nikawa najinyonganyonga mbele yake.

"Kijana, mbona unacheza?"

"Nakwepa mashimo, mama."

"Mashimo gani na hapa kuna lami?"

Sikuwa na jibu. Hata kuku alikuwa ananitazama.

Shida ya ugonjwa unaoonekana ni kwamba kila mwenye macho anakuwa daktari. Mama mkwe alikuja kututembelea, akaniona nimevua shati, akaamuru nijazwe poda. Nikapakwa hadi nikafanana na mandazi kabla hayajaingia kwenye mafuta. Kufika saa tano, poda imelowa jasho, imegeuka uji, imeganda kwenye mikunjo ya shingo. Jirani akasema dawa ni ile jeli ya kukamulia ng'ombe, kwamba ikilainisha chuchu za ng'ombe itashindwaje na mgongo wa mtu? Mwenyekiti wa steji yeye hana maneno mengi. Anatoa kidonge cha rangi mbili mfukoni, anakipasua, unga unamwagwa juu ya ngozi. Kwake kidonge hicho kinatibu kidonda, jino na mapenzi yaliyokataliwa. Na kila mmoja wao anakasirika ukikataa, kana kwamba mgongo ni wa ukoo.

Mwishowe nikaingia duka la dawa. Huyu mama tunamwita daktari, kama tunavyomwita kila mtu anayesimama nyuma ya kaunta yenye dawa. Hakukimbilia rafu. Aliwasha tochi ya simu, akaniuliza vinadunga saa ngapi, kisha akavikagua kimoja kimoja kama mtu anayechagua maharagwe.

"Ungekuwa na unywele katikati ya kila kipele, ningesema ni vinyweleo vimeshika uchafu," akasema. "Hivi havina unywele. Hizi ni tundu za jasho zimezibwa."

Akanieleza vizuri kuliko wote. Ngozi ikiloa jasho mchana kutwa, seli za juu zinavimba na kufura maji, zinaziba mdomo wa tundu. Chini, tezi haijui kwamba mlango umefungwa, inaendelea kutengeneza jasho. Jasho linapasukia pembeni, ndani ya ngozi, na hapo ndipo panapovimba na kuwasha. Wakati mwingine kizuizi kikiwa juu kabisa unaona vimalengelenge vyenye maji maangavu, havidungi, vinapasuka vyenyewe. Changu kiko chini kidogo, ndiyo maana kinanichezesha barabarani.

"Sasa poda, jeli na mafuta mazito vinafanya nini?" nikauliza.

"Vinaongeza kifuniko juu ya kifuniko."

Nikatamani mama mkwe angekuwa pale asikie. Halafu nikashukuru hakuwepo.

Nilitarajia anipe sindano, au angalau kitu cha bei ya kutisha, maana mtu akiteseka hivi anataka dawa yenye hadhi. Akasema dawa ni kuacha kutoa jasho kwa siku chache. Nikacheka. Daktari, mimi nalala Nyalenda chini ya mabati, kazi yangu ni jua, na nikipumzika nyumbani, atakayekuja ni mwenye nyumba. Hakucheka. Akasema basi tafuta saa ambazo ngozi itakauka, hata kama si siku nzima. Nikifika nyumbani nioge maji baridi ya kawaida, bila kusugua na ule wavu wa kamba tunaosugulia miguu, sabuni kidogo tu. Nijikaushe kwa kugusagusa na leso, nisikwangue, kisha nikae bila shati mpaka ngozi ikauke kabisa kabla ya kuvaa kitu. Mwasho ukizidi, kitambaa kilichochovywa maji baridi nikiweke mgongoni hadi dakika 20. Feni kama ipo. Feni ipo! Kinachokosekana ni tokeni. Mama watoto amenipigia hesabu: feni usiku kucha ni chai ya asubuhi bila maziwa. Tunajadiliana.

Dawa aliyonipa ni kalamini, ile ya maji ya rangi ya waridi. Unatikisa chupa, unagusia kwa pamba, unaiacha ikauke. Inapoza mwasho, haifungui tundu. Akasema kama ingekataa kabisa ningepewa krimu nyepesi ya haidrokotisoni ya asilimia 1, kidogo sana, kwa siku chache, na kamwe si juu ya mahali penye usaha. Zile krimu za tyubu zinazouzwa sokoni za kung'arisha uso alisema nisiziguse. Nyingi zina dawa kali ndani kuliko anavyojua anayeziuza.

Halafu akaliangalia koti langu. Hapa ndipo tulipogombana. Sheria inataka helmeti na jaketi la reflekta, sawa. Lakini sisi wa steji tumeongeza la kwetu: koti zito lenye sponji ndani, limefungwa zipu hadi kidevuni, saa nane mchana, Kisumu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa upepo wa pikipiki unaleta nimonia. Daktari akasema nimonia ni ya viini, upepo hauileti, na joto hili halihitaji koti la kwenda Limuru. Chini ya koti nilikuwa na fulana ya polista ya timu ya Uingereza ambayo haijashinda kitu tangu niinunue. Polista ile hainyonyi jasho, inalibana kwenye ngozi. Juu yake koti. Nyuma ya koti, abiria ameegemea. Hata hewa yenyewe ingetaka kupita ingeomba ruhusa.

Agizo: shati la pamba, pana, lisilobana kwapa wala kiuno, juu yake reflekta nyepesi ya wavu. La pili la kubadilisha saa sita, kwa sababu shati lililolowa likibaki mwilini linaendelea na kazi ile ile. Na kila nikikosa abiria nikae kivulini, nifungue vifungo, nilegeze utepe wa helmeti.

Nikauliza nitajuaje kama vimeharibika. Hapo akawa mkali, na mimi nikasikiliza, maana nilimjua mwathiriwa. Mwenzetu mmoja wa steji alikuwa na harara kama hii kwapani. Yeye alijikuna na ufunguo wa pikipiki. Ufunguo! Ule ule anaofungulia soda. Baada ya siku kadhaa mwasho ukaisha, akatangazia steji nzima amepona. Kumbe mwasho ulikuwa umeondoka kupisha maumivu. Vipele vya kwapa moja viliungana vikawa uvimbe, ukigusa ni moto, ndani usaha wa manjano, mtoki ukamkaza hata mkono haupandi. Usiku akatetemeka kwa homa. Sisi sote tukasema malaria, kwa sababu Kisumu hata ukigongwa na mkokoteni kwanza ni malaria. Akanunua dawa za malaria, akazimeza, homa ikabaki. Alipofika kituo cha afya wakampima: malaria hakuna, ngozi imeingia bakteria. Akapewa antibayotiki za kumeza na akaambiwa amalize dozi. Mwenyekiti na kidonge chake cha rangi mbili alinyamaza wiki nzima.

"Harara inawasha, ikioza inauma," daktari akasema. Harara hutawanyika, na ukipoa usiku inatulia. Iliyoingia viini hukaa mahali pamoja, inakua, inapwita usiku hata kama umepoa. Maji maangavu si kitu. Usaha, ukoko wa manjano, joto, uvimbe unaopanuka, mtoki kwapani au kinenani, homa, hapo usipake chochote, nenda kituo siku hiyo hiyo.

"Na ule wekundu wanaosemaga?"

Akaniangalia kuanzia utosini. "Wekundu gani kwenye ngozi yako?" Tukacheka wote. Kwenye ngozi nyeusi, akasema, vipele huonekana vya kijivu, vyeupe au rangi ya ngozi yenyewe, na penye viini huenda pakawa peusi zaidi au zambarau. Kwa hiyo tumia nyuma ya kiganja: gusa pale, kisha gusa upande wa pili, linganisha joto. Mgongoni mkono haufiki. Kazi hiyo amepewa mama watoto, naye kila jioni ananipapasa kama anayekagua parachichi, halafu anatoa ripoti kwa sauti ya kusikika ploti nzima.

Vipele vimeanza kukauka. Daktari alinionya nisijigambe, kwamba kizuizi hutoka ngozi inapojivua, inaweza kuchukua hata wiki mbili, na nikirudi kwenye koti leo, kesho vinarudi. Pia pale palipoziba jasho halitoki vizuri, kwa hiyo nikisikia kizunguzungu au kichefuchefu juani nisimame kivulini, ninywe maji, nisijifanye shujaa.

Kilichobaki ni shati. Nilizunguka mitumba ya Kibuye, mashati ya wanaume yote polista, yanang'aa kama mabati mapya. Pamba halisi, pana, laini, niliipata kwenye rundo la kina mama: moja lina alizeti, lingine lina vipepeo. Muuzaji alitaka kuniongezea bei alipoona nimelipenda. Sasa nikifika steji ananiuliza mwenyekiti, "Omera, leo wewe ni nani, alizeti au vipepeo?" Jana abiria alikataa kupanda, akasema anataka mwanamume aliyevaa koti. Akapanda kwa mwenzangu. Nikawaona wakiondoka, mwenzangu anajinyonganyonga, na abiria nyuma yake anauliza mbona unacheza.